Anayeuza kwa Hasara Atarudishaje Fedha Zake?

Kampuni kubwa ikishusha bei ghafla, wafanyabiashara wadogo hulia kwamba jitu linauza chini ya gharama ili wao wafunge. Mara nyingi kilio hicho kina msingi. Hata hivyo, mimi nashikilia kwamba lalamiko halijakamilika mpaka lijibu swali moja: huyu anayekubali hasara leo, fedha zake atazirudisha lini, na kutoka mfukoni mwa nani? Kama hana njia ya kuzirudisha, basi amewagawia wateja mali yake, na sioni kwa nini sheria imzuie.

Tupige hesabu kwanza. Chukua viwanda viwili vya maji ya chupa katika mji mmoja. Kikubwa kinauza katoni 80,000 kwa mwezi, kidogo 20,000. Bei inayolipa gharama zote na kumwachia mwenye kiwanda faida ya kiasi ni shilingi 3,000. Kikubwa kinashuka hadi 2,500, na kidogo hakina budi kufuata. Hapo kila katoni inamtoa mwenyewe shilingi 500. Kidogo kinapoteza milioni 10 kwa mwezi, kikubwa milioni 40. Yaani mshambuliaji ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ndiye anayeuza zaidi. Vita vikidumu mwaka mmoja, kikubwa kimezika milioni 480.

Tuseme kidogo kimefunga. Kikubwa sasa kinauza katoni zote 100,000, na kinapandisha bei hadi 3,400. Hiyo 400 ya ziada inaleta milioni 40 kwa mwezi, kwa hiyo kinahitaji mwaka mzima wa bei ya juu ili kufidia mwaka wa hasara. Na hapo bado hatujahesabu riba, wala wateja watakaopunguza kununua kwa sababu ya bei. Katika mwaka huo wote asitokee mtu mwingine sokoni. Lakini mitambo ya kiwanda kilichofungwa bado ipo. Atakayeinunua mnadani ataanza kazi kwa gharama ndogo kuliko mwenyewe wa kwanza, na bei ya 3,400 ndiyo itakayomwita. Ndiyo maana kufidia hasara kunawezekana tu pale mlango wa soko ulipofungwa kwa jambo lingine: leseni ngumu kupatikana, jina lililojengwa kwa matangazo ya miaka mingi, au wauzaji wa jumla waliofungwa kwa mikataba.

Kesi iliyolifanya swali hili kuwa kipimo kikuu Marekani ilihusu sigara. Mwaka 1980 kampuni ya Liggett ilikuwa imebakiwa na asilimia 2 hivi ya soko. Ikaamua kutoa sigara zisizo na chapa, katika pakiti nyeupe yenye maandishi meusi, kwa bei iliyo chini ya zile zenye majina kwa karibu asilimia 30. Wavutaji wakazikimbilia. Kufikia mwanzoni mwa 1984 sigara hizo zilikuwa na asilimia 4 ya soko, karibu zote za Liggett.

Aliyeumia kuliko wengine ni Brown & Williamson. Kampuni hiyo ilikuwa na asilimia 11 hivi ya soko la sigara, lakini katika wavutaji waliohamia pakiti nyeupe, kama mmoja kati ya watano alitoka kwake. Mwaka huo wa 1984 ikatoa pakiti nyeupe zake na kuwapa wauzaji wa jumla mapunguzo makubwa kadiri walivyonunua kwa wingi. Liggett ikaongeza mapunguzo yake, mwenzake akaongeza tena. Vita hivyo viliendelea miezi 18, na kwa ushahidi uliotolewa, Brown & Williamson iliuza chini ya gharama zile zinazopanda na kushuka kulingana na wingi wa bidhaa, kama tumbaku na karatasi.

Liggett haikufunga, wala haikudai kwamba ilikusudiwa ifunge. Dai lake lilikuwa kwamba ilipigwa ili ipandishe bei ya pakiti nyeupe, pengo lake na sigara zenye majina lipungue, na wavutaji wabaki kwenye hizo zenye majina, ambazo ndizo zilizowapa watengenezaji faida nono. Katikati ya 1985 ikapandisha kweli, na wengine wakafuata. Baraza la wazee wa mahakama liliipa fidia ya dola milioni 49.6, ambayo kisheria huzidishwa mara tatu. Jaji wa kesi akaitengua, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ikakubaliana naye kwa majaji sita dhidi ya watatu.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alikubali kwamba nia ya kumuumiza mshindani ilionekana, na kwamba ushahidi wa kuuza chini ya gharama ulitosha. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba hasara ingerudi baadaye. Ili hasara irudi, kampuni zote sita za sigara zilipaswa kupandisha bei kwa pamoja bila kuelewana waziwazi, na yeyote angeweza kuvunja safu. Tena soko la sigara za bei nafuu halikudumaa. Kufikia 1989 lilikuwa limevuka asilimia 15 ya soko lote.

Kanuni hiyo naikubali, matumizi yake hapa siyakubali. Jaji John Paul Stevens, aliyepinga, alitazama kilichotokea baada ya vita: bei za orodha za pakiti nyeupe zilipanda mwaka hadi mwaka, na pengo lake na sigara zenye majina likashuka kutoka asilimia 38 hivi hadi 27. Hilo ndilo hasa Liggett ilisema lilikusudiwa. Soko kukua hakuthibitishi kwamba bei haikupanda kuliko ambavyo ingekuwa bila kipigo. Lingeweza kukua hata zaidi.

Kosa la kawaida ni kuitafuta fidia palepale hasara ilipotokea. Brown & Williamson ilipoteza kwenye pakiti nyeupe, lakini ilitarajia kuvuna kwenye pakiti zenye chapa. Serikali ya Marekani ilijaribu hoja ya aina hiyo iliposhtaki shirika la ndege la American Airlines mwaka 1999 kuhusu safari za kutoka Dallas: kwamba kulipiga shirika dogo kwenye njia moja kunawatisha wengine wasiguse njia nyingine, na faida inaletwa na hizo zisizoguswa. Ikashindwa mwaka 2001, na tena kwenye rufaa mwaka 2003, ambako kesi iliishia kwenye hesabu ya gharama na suala la kurudisha hasara halikufikiwa.

Ulaya wameamua tofauti. Wanadoo, kampuni ya intaneti ya Ufaransa, ilitozwa faini ya euro milioni 10.35 mwaka 2003 kwa kuuza intaneti ya kasi chini ya gharama, na mwaka 2009 mahakama ya juu ya Ulaya ikasema si lazima kuthibitisha kwamba hasara ingerudi. Naielewa hofu yao, maana ukisubiri bei ipande mshindani ameshazikwa. Ila njia hiyo inamtia hatiani hata mwenye kampuni kubwa anayeshusha bei ili wateja waizoee bidhaa mpya.

Mimi ningemtaka mlalamikaji aonyeshe mlango uliofungwa na mfuko ambao hasara itarudia, hata kama mfuko huo uko kwenye bidhaa nyingine. Akishaonyesha hayo, mshtakiwa ndiye aeleze kwa nini alikuwa anauza kwa hasara. Kwa kipimo hicho, Liggett ingebaki na milioni zake.