Rasimu ya omena: kuitia uhai au kuitia chumvi?

Chukua aya hii, ya aina inayoandikwa kila siku kuhusu biashara ya Kisumu: "Omena ni samaki muhimu sana katika uchumi wa Kisumu. Wafanyabiashara wengi huitegemea biashara hii kujikimu kimaisha. Hata hivyo, wanakumbana na changamoto mbalimbali zikiwemo mvua, ukosefu wa mtaji na bei zisizotabirika. Ni muhimu serikali na wadau wote washirikiane kutatua changamoto hizo."

Sarufi haina kasoro. Lakini ondoa omena uweke viazi, ondoa Kisumu uweke Nakuru, na ukishalifuta neno "samaki" hutalazimika kugusa kingine chochote. Hapo ndipo msomaji anapochoka, wala hajali kama aya imetoka kwenye mashine au kwa mtu aliyelelewa na insha za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023 huku misemo yake ya kukariri ikibaki vidoleni mwetu.

Ushauri anaopewa mwandishi wa namna hii ni mambo matatu: tia mambo mahususi uliyoyaona mwenyewe, vunja mwendo wa sentensi usiwe sawasawa, toa maoni yako bila kuyapaka mafuta. Wanaoutetea wana haki. Wanaoupinga nao, wanaosema huko ni kuvalisha maandishi barakoa ya utu, hawajakosea sana. Nionavyo, kosa liko katika kuyachukulia mambo hayo matatu kuwa na uzito sawa, na kuyaongeza mwishoni, kazi ikiwa imeshakwisha.

Mwandishi mvivu akiambiwa atie jambo mahususi ataanza hivi: "Jua lilikuwa likichomoza juu ya Ziwa Viktoria huku harufu ya omena ikinikaribisha mjini Kisumu." Mahususi kweli, lakini ni uongo. Kisumu iko kwenye pembe ya mashariki ya ghuba ya Winam, na mtu wa mjini huliona jua likizama upande wa ziwa. Linachomoza nyuma yake, upande wa nchi kavu. Mkazi wa Nyalenda akiisoma sentensi hiyo anajua papo hapo kwamba mwandishi hakuwapo, na kuanzia hapo haamini hata yaliyo kweli. Afadhali ile rasimu kavu, ambayo angalau haikudanganya mtu.

Sasa tuichukue rasimu yenyewe na kuuliza kila neno lake lina nini ndani. "Bei zisizotabirika", kwa mfano. Omena huvuliwa usiku, kwa taa. Taa huwashwa majini, omena wakaufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Usiku wa giza njia hiyo hufanya kazi vizuri. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haivuti kitu, mashua hurudi nyepesi. Mwenye gorogoro lake sokoni Kibuye anaijua hesabu hiyo, na mnunuzi naye anaijua anapotajiwa bei. Kwa hiyo sehemu ya bei hizo inatabirika, tena kwa kutazama juu tu. Hilo jambo mahususi halikuja kuipamba rasimu. Limeisahihisha.

Kisha "mvua". Omena huanikwa, mara nyingi juu ya nyavu zilizotandazwa chini ufuoni. Jua likiwaka mchana kutwa wanakauka. Mvua ikiwakuta kabla ya hapo, ule mng'ao wa fedha unapotea, wanageuka kahawia, na kinachobaki ni kumuuzia mtu wa chakula cha kuku kwa bei ya chini. Neno moja lililokuwa limelala kwenye orodha ya changamoto sasa lina saa zake, rangi yake na hasara yake.

Ukifika hapo maoni huja yenyewe. Mimi nikikabidhiwa fedha za kuisaidia biashara hii ningejenga vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa kutoka ardhini, na mahali pa kuwakinga omena mvua inapokuja, kabla ya kutoa mkopo hata mmoja. Mkopo wa kununua omena watakaolowa unaongeza deni tu. Kuna atakayenipinga, pengine mama anayenunua kwa mali kauli na ambaye shida yake kubwa ni mtaji wa kesho alfajiri, wala sitamshangaa. Lakini sasa tuna jambo la kubishania. Na "wadau wote washirikiane", nani atakubishia?

Kuhusu mwendo wa sentensi nina shaka zaidi. Wengi hukata sentensi ovyo. Neno moja. Nukta. Jingine. Wanadhani wamepata sauti, kumbe wameachana na mtindo mmoja wa kukariri wakauchukua mwingine. Kiswahili kina njia zake za kubadilisha kasi. Tazama rasimu ile: sentensi mbili za mwanzo zinaanza kwa nomino, mbili za mwisho kwa "hata hivyo" na "ni muhimu", na zote zinatembea kwa hatua zilezile. Anza kwa kitenzi ("Huanikwa asubuhi"), acha -ka- ikimbize matukio, acha -ki- ibebe sharti bila kuita "iwapo", na mwendo utabadilika bila kulazimishwa. Aya mbili za mwezi na mvua hapo juu hazikupangiwa sentensi fupi na ndefu. Kuna mahali kitendo kinafuata kitendo, na mahali sababu inaeleza matokeo, basi.

Upande wa pili una hoja mbili ambazo watetezi huzipita haraka. Ya kwanza ni ya aibu. Huku kwetu magharibi wengi tulianza na Kijaluo au lahaja moja ya Kiluhya, Kiswahili kikafuata, na tumechekwa kwa Kiswahili chetu tangu shuleni. Rasimu laini isiyo na kwikwi ni ngao. Unapomwambia mtu aandike "kama anavyoongea", unamtaka aivue mbele ya watu walewale waliomcheka, na hilo si jambo dogo. Ningemwekea mpaka: masimulizi yawe sanifu kadiri anavyoweza, lakini maneno ya mtu aliyenukuliwa yabaki yalivyotoka kinywani. Muuzaji akisema "hii mvua imetumaliza", mhariri asimgeuzie kuwa "mvua hii imetumaliza".

Hoja ya pili ni nzito kuliko hiyo. Ufuo ni kijiji kidogo. Ukiandika mjane fulani, kibanda chake kiko wapi, ananunua kwa mwenye mashua gani na anamdai nani, hata jina ukilificha umeshamtaja. Uandishi unapata uhai, na yeye anabaki kujibu maswali jioni. Ndiyo maana katika mfano wangu mambo mahususi yote ni ya kazi: taa, mwezi, wavu, rangi ya omena. Ya mtu binafsi yanahitaji ruhusa yake, na ruhusa yenyewe itolewe akishajua yatasomwa na nani.

Halafu kuna maandishi yasiyomhitaji mwandishi kabisa. Tangazo la kufunga uvuvi wa omena kwa msimu linahitaji tarehe, eneo na adhabu. Kumbukumbu za mkutano wa kikundi cha ufuo zinahitaji nani aliamua nini na fedha zilikwenda wapi. Katibu akianza kueleza humo jinsi mvua ilivyomgusa, mweka hazina ana haki ya kumkatiza.