Hati ya Miaka 33 Inapokaribia Kwisha: Uzito wa Maendelezo na wa Stakabadhi

"Hati ya kiwanja chetu cha makazi hapa Gungu, Kigoma, ilianza Julai 1994 na inakwisha Juni 2027. Tumejenga, tumechimba kisima, tumepanda michikichi, na stakabadhi zote za kodi ya ardhi tunazo. Je, hayo hayatoshi kuongezewa muda?"

Yanasaidia sana, lakini si kwa namna ambayo wengi hudhani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo aliyepewa hati anamiliki haki ya kutumia ardhi kwa muda na kwa masharti. Miaka 33 ikitimia, anayeomba kuhuisha hati hulazimika kuonyesha kwamba aliyatimiza masharti hayo. Kukaa mahali kwa muda mrefu hakuwi hoja peke yake.

Upande wa mwenye hati una nguvu ya kweli. Sheria hiyohiyo inayatambua maendelezo yaliyotokana na mtaji au nguvu ya mmiliki, na humo inahesabu hata miti na mazao yaliyo shambani, si majengo tu. Mchikichi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo safu ya michikichi iliyopandwa nyuma ya nyumba ni uwekezaji ambao haubebwi mgongoni siku ya kuondoka. Yeyote atakayetaka kuitwaa ardhi ya namna hiyo atakutana na swali la fidia, na hilo ni sababu nzuri ya mamlaka kutoharakisha kumwondoa aliyeiendeleza. Zaidi ya hayo, jirani aliyeacha kiwanja kikawa kichaka kwa miaka 20 hastahili kupimwa kwa mizani moja na aliyejenga.

Hata hivyo, upande wa pili nao si wa kupuuzwa, na picha na nakala za stakabadhi zilizoambatanishwa na swali hili zinauonyesha waziwazi. Mbele ya nyumba, karibu na barabara, kuna jengo lenye mlango mpana wa chuma na mapipa ya mawese yamepangwa ukutani: hilo ni ghala la biashara, na hati inasema makazi. Mwombaji ataliorodhesha kama maendelezo, tena pengine ndilo la thamani kubwa kuliko yote, ilhali afisa ardhi atakayefika kukagua ataliandika kama ukiukaji wa sharti la matumizi. Kwa hiyo kadiri barua ya kuomba kuhuisha hati inavyolisifu ghala, ndivyo inavyomfungulia afisa mlango wa kuuliza kibali kiko wapi. Njia iliyo salama ni kuanza na ombi la kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, au kuacha biashara hiyo mahali hapo, kabla barua ya kuhuisha hati haijapelekwa.

Stakabadhi nazo zinahitaji kusomwa kwa jicho la anayezipokea. Ni kweli kwamba hakuna mwaka hata mmoja uliokosekana, lakini stakabadhi za mwaka 2006 hadi 2012 zote saba zina tarehe moja ya Machi 2013. Jumla inaonyesha mlipaji asiye na deni. Tarehe zinaonyesha mlipaji aliyesubiri miaka saba na kulipa kwa mkupuo. Waombaji wengi hutoa nakala za miaka ya karibuni tu na kuficha pengo, jambo ambalo naliona kuwa kosa, kwa sababu kumbukumbu za malipo ziko pia upande wa ofisi. Ni bora mwombaji aandike mwenyewe kwamba malimbikizo yalikuwapo, yalilipwa yote pamoja na adhabu ikiwa ilitozwa, na kwamba tangu hapo malipo yamefanyika kila mwaka. Lakini hata stakabadhi kamilifu zinathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba kodi imelipwa. Hazithibitishi kwamba sharti la matumizi limefuatwa.

Barua yenyewe basi haihitaji kurasa nyingi. Itaje namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, tarehe ya kuanza na ya kwisha, kisha iweke kila endelezo mbele ya sharti linalohusika: nyumba na kibali chake cha ujenzi, kisima, michikichi na mwaka ilipopandwa, pamoja na picha zinazoonyesha bikoni za mipaka ya kiwanja zikiwa mahali pake. Ghala litajwe katika aya yake, likiambatana na hatua iliyochukuliwa kuhusu matumizi. Ombi lipitie ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Kigoma Ujiji mapema, wakati bado kuna miezi ya kurekebisha kasoro itakayoonekana kwenye ukaguzi, maana anayeanza mwezi Mei 2027 atakuwa anajadili ghala na muda kwa pamoja.