Fomu ya ukaguzi wa majengo: imuulize mkaguzi alichokiona au alichokiamua?

Wape wakaguzi wawili wenye ujuzi fomu yenye safu moja iliyoandikwa "Hali: 1 hadi 5", wakague jengo lilelile kila mtu kivyake, na si ajabu wakarudi na namba tofauti. Jambo hili limewahi kupimwa kwenye madaraja ya barabara. Mwaka 2001 idara ya barabara kuu ya Marekani, FHWA, ilichapisha utafiti ambamo wakaguzi 49 walikagua madaraja yaleyale kwa mizani ya 0 hadi 9. Kila sehemu kuu ya daraja ilipewa, kwa wastani, kati ya alama nne na tano tofauti. Wale walikuwa watu wa kazi hiyohiyo. Swali lenyewe linaweza kuwa sehemu ya kilichowatenganisha.

Anayeandika 3 kwenye safu ya hali amejibu maswali matatu kwa mpigo: kasoro hii ina uzito gani kwa jengo, imefika hatua gani, na imeenea kiasi gani. Mmoja anaona madoa machache ya kutu kwenye nguzo na kuandika 4, kwa kuwa nguzo ndiyo inayobeba jengo. Mwingine anaandika 2, kwa kuwa madoa ni machache. Wote wana hoja, lakini fomu haimwambii msomaji ni hoja ipi iliyozaa namba.

Upande mmoja wa wataalamu unasema basi fomu iyatenganishe maswali hayo, na alama itokane na jedwali badala ya kutoka kichwani mwa mkaguzi. Kiwango cha Uholanzi NEN 2767 kimejengwa hivyo: uzito wa aina ya kasoro, hatua iliyofikia, na kuenea kwake katika makundi matano, yaani chini ya asilimia 2, 2 hadi 10, 10 hadi 30, 30 hadi 70, na 70 au zaidi. Uzito umepangwa mapema katika orodha ya kasoro, kwa hiyo mkaguzi hauamui akiwa juu ya ngazi. Anachobakiwa nacho ni kutazama na kupima.

Upande wa pili unajibu kwamba jengo halielezeki kwa visanduku. Mkaguzi mzoefu huunganisha vitu ambavyo fomu imevitawanya: mlango uliokaza, ufa mwembamba juu ya linta, na sakafu iliyoinama kidogo kwenye kona hiyohiyo. Kila kimoja kitapata alama ndogo, ilhali vikiwa pamoja vinaashiria msingi unaotitia. Wanaongeza, na hapa wako sahihi kabisa, kwamba visanduku vinaweza kuzaa makubaliano ya uongo. Watu wawili wakichagua "ufa wa kati", makaratasi yao yanafanana hata kama mmoja alikuwa akitazama ufa wa lipu na mwingine ufa uliopasua tofali.

Kwa maoni yangu upande wa kwanza unashinda, ila kwa sharti ambalo wabunifu wengi wa fomu hulisahau: kugawa maswali hakusaidii kitu kama hukusema kila kipimo kinachukuliwa juu ya nini.

Chukua ukuta wa nje wenye urefu wa mita 12 na kimo cha mita 3, ambao lipu yake imebanduka chini, urefu wote, hadi sentimita 60 kutoka ardhini. Eneo lililoharibika ni mita za mraba 7.2. Mkaguzi wa kwanza analigawa kwa eneo la ukuta huo, mita za mraba 36, na kupata asilimia 20. Wa pili anahesabu kuta zote nne za nje. Mzingo wa jengo ni mita 40, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 120, naye anapata asilimia 6. Tepu zao zinalingana hadi sentimita, lakini mmoja ataweka alama kwenye kundi la 10 hadi 30 na mwingine kwenye 2 hadi 10. Anayesoma ripoti hizo kwa kufuatana miaka miwili tofauti ataamini ukuta umetengenezwa.

Kwa hiyo kipande cha kukaguliwa lazima kitajwe kabla ya mtu kutoka ofisini. Kanuni moja inayofanya kazi vizuri ni kuhesabu kila uso wa ukuta kutoka kona hadi kona, ghorofa moja kwa wakati, kama kipande kimoja. Chumbani, ukuta wenye mlango wa kuingilia uitwe A, kisha B, C na D kwa kufuata mwendo wa saa ukiwa umesimama ndani. Milango na madirisha yatolewe kwenye eneo au yasitolewe; lolote ni sawa mradi liandikwe juu ya fomu na lisibadilike. Muhimu zaidi, fomu iombe mita za mraba zilizoharibika, si asilimia. Asilimia ihesabiwe baadaye na mtu mmoja au na jedwali. Ukiwa na vipimo ghafi, kosa la kigawanyo linasahihishika. Ukiwa na asilimia tu, halionekani hata kama lipo.

Nyufa zina kanuni hiyohiyo, na ugumu wake mwenyewe. Mwongozo wa Uingereza unaojulikana kama BRE Digest 251 unazipanga kwa upana: chini ya milimita 0.1 ni uzi tu, kisha hadi 1, hadi 5, 5 hadi 15, 15 hadi 25, na zaidi ya 25. Mwongozo huo wenyewe unaonya kwamba upana peke yake hautoshi, na unatazama pia urahisi wa kurekebisha. Lakini mara nyingi fomu inayonakili makundi hayo huacha mambo mawili nje. La kwanza ni mpaka: ufa wa milimita 5 kamili uko kundi gani? Andika "zaidi ya 1 hadi 5, pamoja na 5 yenyewe", au bora zaidi, omba milimita na uache kundi lipatikane baadaye. La pili ni mahali pa kupimia. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha unaweza kuwa na milimita 3 juu na nusu milimita chini. Fomu iseme: pima palipo pana kuliko pote, kwa kukata mwelekeo wa ufa, mahali ambapo kingo za lipu hazijameguka, kwa kadi ya kupimia nyufa na si kwa kukadiria. Kingo zikiwa zimeliwa, mkaguzi asiyeambiwa hupima tundu la lipu na kuandika 6 mahali pa 2. Kisha maswali mawili mafupi: ufa unaonekana upande wa pili wa ukuta? Na pande zake mbili ziko usawa mmoja, au upande mmoja umejitokeza? Majibu hayo ndiyo yanayotenganisha lipu iliyopasuka na tofali lililopasuka, yaani lile lalamiko la makubaliano ya uongo.

Kisanduku kitupu nacho ni chanzo kikubwa cha tofauti, ingawa hakizungumzwi sana. Mmoja hukiacha kitupu akimaanisha hakuna kasoro, mwingine akimaanisha mlango wa kupandia darini ulikuwa umefungwa. Kila kipengele kinahitaji majibu yasiyochanganyika: kasoro ipo, imetazamwa na haipo, haikufikika, haihusiki. Anayejibu "haikufikika" aandike sababu kwa maneno machache. Fomu yenye kisanduku kitupu irudishwe, isijazwe na mtu wa ofisini kwa kukisia.

Sasa hoja ya mkaguzi mzoefu. Isipuuzwe, ila iwekewe mahali pake. Chanzo cha kasoro kisiwe ndilo jina la kasoro. Fomu yenye kisanduku cha "unyevu unaopanda kutoka ardhini" inamlazimisha mtu kutoa hukumu kabla ya kutazama, na akishakiweka alama hatafuti tena bomba linalovuja. Iulize kwanza vinavyoonekana: doa limefika kimo gani kutoka sakafuni, kuna unga mweupe wa chumvi au hakuna, ardhi ya nje iko juu au chini ya sakafu ya ndani, kuna bomba au mfereji wa mvua karibu, na mvua ilinyesha lini. Kama kipima unyevu kilitumika, aina yake iandikwe pia. Kile cha pini husoma jinsi umeme unavyopita, na chumvi iliyo ukutani hukipandisha hata pale ambapo maji si mengi. Baada ya hapo ndipo ije safu ya "chanzo kinachodhaniwa", ikiwa na uhakika wa chini, wa kati au wa juu, na mistari mitatu ya maelezo huru.

Alama ya jumla ya mkaguzi mwenyewe nayo ibaki, mwishoni kabisa mwa ukurasa, akiiandika bila kuona alama ya jedwali. Ikitangulia, vipimo vyote vinavyofuata hufuata mkondo wake bila mtu kukusudia. Ikija mwisho, inakuwa kengele: alama hizo mbili zikipishana kwa hatua mbili au zaidi, jengo linatazamwa upya na mtu wa tatu. Yule aliyeunganisha mlango, linta na sakafu amepata pa kusemea, na namba za wenzake hazijaharibika.

Fomu ikishaandikwa, ijaribiwe kabla ya kutumika, na hapo tahadhari inahitajika. Tuseme wakaguzi wawili wamepita vipande 100 bila kuongea. Kila mmoja ameona kasoro kwenye vipande 10, lakini vinavyofanana ni 4 tu. Vipande 84 wote wamesema ni vizima. Makubaliano ni 88 kwa 100, namba nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Lakini hata kwa kubahatisha tu, watu wanaotaja kasoro mara 10 kwa 100 wangekubaliana kwenye vipande 82 hivi, na kipimo cha kapa cha Cohen, kinachoondoa bahati hiyo, kinatoa 0.33 tu. Njia rahisi ya kuliona hilo bila hesabu kubwa ni kutazama vipande 16 vilivyotajwa na yeyote kati yao: wamekubaliana robo tu. Mlinganisho ufanywe safu kwa safu. Upana wa nyufa ukilingana na eneo la lipu lisilingane, hakuna haja ya kuwafundisha watu upya. Ni maelekezo ya safu ile moja yanayohitaji kuandikwa tena, pengine kwa kuongeza picha ya mfano kwa kila hatua ya uharibifu. Kila toleo lipewe namba yake juu ya ukurasa, na kazi iliyoanza kwa toleo moja imalizwe kwa toleo hilohilo, kwa sababu kubadili kanuni ya kigawanyo katikati ya majengo 40 kunaleta upya tofauti ya asilimia 20 na 6, safari hii bila mkaguzi yeyote kukosea.