Hita za mtambo wa maji: kukata kwa ghafla au kulainisha?

Mitambo midogo ya maji kwenye vijito vya Ludewa, Makete na Njombe mara nyingi haina vali ya kasi ya kubana maji kila mzigo unapobadilika. Maji huachwa yatiririke vilevile, na umeme usiotumika humwagwa kwenye hita. Swali ni namna ya kuziamuru hita hizo ili masafa yabaki hezi 50, ilhali hakuna ajuaye mashine ya kusaga itawashwa au kuzimwa saa ngapi.

Tuchukue mtambo wa kilowati 20 ambao kila kilowati moja ya ziada hupandisha masafa kwa hezi 1.25 kwa sekunde. Tukiita kosa la masafa e, mfumo wote ni wa daraja la kwanza:

`de/dt = d + u`

Hapa d ni msukumo usiojulikana wa wateja na u ni kazi ya hita, ikihesabiwa kutoka hali ya nusu ya hita kuwaka: hasi zikiongezwa, chanya zikipunguzwa. Tunachokijua kuhusu d ni kikomo chake tu: mzigo usipobadilika zaidi ya kilowati 4, d haivuki hezi 5 kwa sekunde. Udhibiti wa kuteleza, uliojengwa na Vadim Utkin na wenzake katika Umoja wa Kisovyeti, unatosheka na kikomo hicho: `u = -K·sgn(e)`, na K iwe kubwa kuliko 5, tuseme 6, yaani kilowati 4.8 kila upande. Hita zote ziwake masafa yakizidi 50, zote zizimwe yakipungua. Ziada ile ya 1 inahakikisha kosa la hezi 2 linafutika ndani ya sekunde 2, hata d ifanye nini ndani ya kikomo chake. Hakuna haja ya kujua modeli kamili ya mtambo, na kwa fundi wa kijijini hiyo ni faida kubwa.

Ubaya wake ni mtetemo wa swichi. Dawa inayofundishwa ni ukanda wa mpaka: ndani ya upana φ kila upande wa sifuri, amri haigeuki ghafla bali hukua kwa uwiano, `u = -K·e/φ`. Wanaoupinga wana hoja ya kweli. Mashine ya kusaga ikizimwa na d ikatulia kwenye 4, kosa halifiki sifuri. Linakwama kwenye dφ/K, yaani hezi 0.33 kwa φ ya 0.5. Zaidi ya hapo, hita haziwezi tena kuendeshwa na kontakta moja. Zinahitaji thairista, au zigawanywe vipande vingi, na hiyo ni gharama.

Lakini hoja ya usahihi inasimama juu ya swichi isiyochelewa, na swichi hiyo haipo. Kupima masafa kwa mizunguko kadhaa, kukokotoa, kisha kufunga kontakta, tuseme kunakula sekunde 0.1. Fuatilia d ikiwa 4. Hita zikiwa zimezimwa masafa hupanda kwa kasi ya 10, hivyo yakivuka 50 hufika 51.0 kabla amri haijatekelezwa. Zikiwaka hushuka kwa kasi ya 2 tu, na huvuka chini hadi 49.8. Duru moja ni sekunde 0.72, na wastani wa kosa ni hezi 0.4. Njia iliyoahidi sifuri imetoa wastani mbaya kuliko 0.33 ya ukanda, juu yake ikaongeza mtikisiko wa hezi 1.2, huku kontakta ikifunga mara 120,000 kwa siku. Haitadumu.

Wakati huohuo ukanda una kikomo chake, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kutamani φ ndogo. Ndani ya ukanda, nguvu ya kurekebisha ni K/φ, na pamoja na ucheleweshaji T mfumo hutulia pale tu KT/φ ilipo chini ya π/2. Kwa mtambo wetu φ lazima ivuke 0.38. Kwa 0.5 masafa hutulia baada ya kuyumba mara kadhaa, kwa 0.3 mtetemo unarudi, na kosa si la kanuni bali la φ. Dalili yake ni taa kucheza hata pale ambapo hakuna mteja anayebadilisha mzigo.

Msimamo wangu ni ukanda, φ ikiwa karibu 0.8, kisha kijumlishi kinachokusanya kosa kadiri muda unavyopita kiongezwe polepole ili kuondoa mabaki ya hezi 0.5. Ucheleweshaji ukishuka hadi sekunde 0.01, kukata kwa ghafla kunabakiza wastani wa 0.04 tu, na upande wa pili unapata nguvu kwa hesabu. Hata hivyo duru inakuwa sekunde 0.072, karibu mara 14 kwa sekunde, na kilowati 9.6 zinazowaka na kuzimika kwenye jenereta ya kilowati 20 zitatikisa volti kwa kasi ambayo jicho huiona vizuri sana kwenye balbu.

Mzigo ukibadilika zaidi ya kilowati 4.8, hakuna kati ya hizi mbili inayosaidia. Utaona hita zimewaka zote na masafa bado yanapanda. Hapo ongeza hita, usiguse φ.