Slipu Kujumlika Hakumaanishi Kodi Ni Sahihi

Watu wengi wakipokea slipu ya mshahara huangalia mstari wa mwisho tu, ule wa hela ya mkononi. Kwa maoni yangu huo ndio wa mwisho kukaguliwa. Kosa la kodi halionekani pale, kwa sababu programu ya mishahara hujumlisha na kutoa vizuri hata kama imepewa msingi mbaya wa kuanzia.

Tuchukue slipu ya mfanyakazi wa sekta binafsi, Tanzania Bara, iliyotumwa kwa picha ya simu. Mshahara wa msingi 1,000,000, posho ya nyumba 200,000, jumla 1,200,000. Makato: NSSF 120,000, PAYE 188,000, Bodi ya Mikopo 150,000. Mkononi 742,000.

Kabla ya kumshuku mhasibu, ishuku picha. Karatasi ikikunjwa au mwanga ukiwa hafifu, 8 husomeka kama 3, na 6 kama 0. Hapa PAYE ingesomeka 138,000, makato yote yangekuwa 408,000 badala ya 458,000, na hesabu ingekataa kwa 50,000 kamili. Tofauti ya namna hiyo, tarakimu moja tu mahali pamoja, ni dalili ya macho. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi wakati wa kunakili: aliyeandika 124,000 badala ya 142,000 amekosea kwa 18,000. Kosa jingine la picha ni kukata kichwa cha safu, ukaisoma jumla ya tangu mwanzo wa mwaka kama makato ya mwezi huu. Piga ukurasa mzima, pembe zote nne zionekane, karibu na dirisha na bila flashi. Namba ya akaunti ifunike kabla ya kumtumia mtu.

Kwenye slipu yetu hesabu inakubali: 1,200,000 toa 458,000 ni 742,000. Wengi wangeishia hapo wakaridhika.

Sasa ihesabu kodi upya. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi, asilimia 10 ya mshahara ghafi, hutolewa kwanza, ndipo kodi ikatwe kwenye kinachobaki. Kwa hiyo kiasi cha kutozwa kodi ni 1,080,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, anayevuka 1,000,000 hulipa 128,000, kisha asilimia 30 ya kilichozidi hapo. Kilichozidi ni 80,000, asilimia 30 yake ni 24,000. PAYE sahihi ni 152,000.

Slipu inasema 188,000. Zile 36,000 za ziada zimetoka wapi? Ni asilimia 30 ya 120,000, yaani ya NSSF yenyewe. Mhasibu hakukosea kiwango. Alikata kodi kwenye 1,200,000 nzima. Ndiyo maana napenda kuutafuta mstari wa TAXABLE kabla ya mwingine wowote. Kama unalingana na mshahara ghafi wakati NSSF imekatwa, umeshalipata kosa. Slipu isiyouonyesha mstari huo, binafsi naiona ni nusu slipu.

Bodi ya Mikopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hivyo 150,000 iko sawa. Hii haipunguzi kodi, na hapo ndipo wenye mkopo hulalamika bila sababu. Mkononi ilipaswa kuwa 778,000.

Pia pitia majina ya makato. SDL, yaani tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni mzigo wa mwajiri. Zikitajwa pembeni kwenye safu ya michango ya mwajiri si neno, ila zikikaa upande wa makato yako, uliza.

Kuna lalamiko moja lisilo kosa: "Nimeongezwa 50,000 nimeona 24,000 tu." Kwa mwenye slipu hii, nyongeza ikiwa kwenye mshahara wa msingi, NSSF huchukua 5,000, PAYE 13,500 (asilimia 30 ya 45,000), Bodi 7,500. Inabaki 24,000 juu ya alama. Na hakuna anayepata pungufu kwa kuvuka daraja la kodi, maana asilimia 30 hugusa kilichozidi tu.

Ukienda kwa mhasibu, usimwambie "kodi yangu kubwa". Mwandikie hivi: "Naomba uangalie PAYE yangu ya mwezi huu. Mshahara ghafi ni 1,200,000 na NSSF ni 120,000, kwa hiyo kodi ingekatwa kwenye 1,080,000. Naona imekatwa kwenye 1,200,000, ikazidi kwa 36,000." Mpelekee mapema: mwajiri huwasilisha PAYE ya mwezi ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ikishakwenda TRA itabidi arekebishe ritani. Kisha fungua slipu za miezi iliyopita. Mpangilio wa programu ukikosewa mara moja hurudia kosa lile lile kila mwezi, na 36,000 kwa miezi sita ni 216,000.