Mchumba aliyelelewa na bibi: malezi ya utotoni yanaeleza kiasi gani?

"Mchumba wangu alilelewa na bibi yake kijijini, mama alikuwa mjini. Tukikosana ananyamaza siku tatu. Nimesoma kwamba watu wa hivyo ni 'wakwepaji' na hawabadiliki. Nimwache?"

Ukimya wa siku tatu unastahili kutazamwa kwa makini, lakini kumtwisha bibi lawama ni kuruka hatua nyingi. Neno 'mkwepaji' linatoka katika nadharia ya mfungamano, inayoeleza jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, na nadharia hiyo ina mizizi hapa kwetu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatazama watoto wachanga na mama zao vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, kisha akaendelea Baltimore, Marekani, alikobuni kipimo kinachotumika mpaka leo. Mtoto wa mwaka mmoja hivi huingizwa na mama yake katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi, anatoka tena, yote kwa dakika 20 hivi. Wengi hudhani kinachopimwa ni kilio mama anapoondoka. Uzito hasa uko anaporudi. Mtoto salama humwendea, hutulia, kisha huendelea kucheza. Mwenye wasiwasi hung'ang'ania huku akimsukuma. Mkwepaji hugeuza uso kama vile hajamwona.

Mapenzi ya watu wazima yaliingizwa katika nadharia hiyo mwaka 1987. Wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha dodoso katika gazeti moja la Denver, na msomaji akachagua kati ya aya tatu ile inayomfanana. Katika majibu 620, zaidi ya nusu walijiona salama, robo wakwepaji, waliobaki wenye wasiwasi. Mgawanyo huo ulikaribiana na ule wa watoto, na watu wakaunganisha haraka mno. Hakuna aliyekuwa amewafuata wasomaji wale tangu utotoni. Kila mmoja alijieleza alivyojiona siku ile. Hata mafungu yenyewe watafiti wengi wameyaacha. Dodoso la maswali 36 lililotoka mwaka 1998 hutoa alama mbili, ya wasiwasi na ya ukwepaji, na kila mtu huwa na kiasi fulani cha zote mbili. Kusema "yeye ni mkwepaji" ni kama kusema "yeye ni mrefu": hakuna mstari unaowatenga warefu na wafupi.

Hata hivyo nadharia si hewa. Minnesota, Marekani, kuna watu waliofuatwa tangu uchanga hadi utu uzima. Waliokuwa salama wakiwa na miezi 12 walielekea kuelewana vizuri zaidi na wenzao shule ya msingi; walioelewana na wenzao wakawa na urafiki wa karibu zaidi wakiwa na miaka 16; na urafiki huo ukaendana na hisia njema zaidi kwa wapenzi wao miaka ya ishirini na kitu. Utoto ulifika kwenye mapenzi, ila kwa kupitia darasani na kwa marafiki, na kila kituo kiliweza kuimarisha au kugeuza kilichotangulia.

Sasa bibi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu Wakisii wa Kenya ulionyesha watoto wachanga wakifungamana na mama na pia na mlezi mwingine, mara nyingi mtoto mkubwa wa nyumbani. Kwao mtoto husalimiwa kwa mkono, hakumbatiwi. Basi watafiti walitazama mkono: je, anaunyosha kwa hamu, au anaunyosha kisha anaurudisha? Anayesubiri kumbatio angeweza kumwandika mtoto salama kuwa mkwepaji. Kwa mchumba wako, kulelewa na bibi hakukwambii kitu peke yake. Uliza kama bibi alikuwepo alipohitajiwa, na kama kuna siku mtoto aling'olewa kwake bila kuelezwa.

Ila ukimya wenyewe unaweza kuupima leo. Tuseme Jumatatu mmekosana kwa pesa aliyomtumia ndugu yake, na Alhamisi anapiga: "Umekula?" Mwambie, "Nimekula. Lile la pesa tulizungumze." Akikaa mkazungumza, huenda ni mtu anayechelewa kupoa. Mwombe ugomvi ujao aseme saa ya kurudi, "niache mpaka kesho jioni, nitakupigia," na wewe usimtumie meseji kumi kabla ya saa hiyo, maana kufuatwa humzidishia kujificha. Tazama kama ahadi inatimia katika ugomvi wa pili na wa tatu. Angalia pia kama hunyamazia ndugu na marafiki vivyo hivyo. Akinyamaza kwako tu, chanzo kitafute kwanza kati yenu wawili. Na kama ukimya hauishi mpaka uombe msamaha kwa kosa ambalo si lako, hiyo ni adhabu, hata kama alilelewa na mama yake mzazi.