Supu ya Bibi na Mpaka Wake

Jikoni Muheza, bibi anamfundisha mjukuu wake supu ya mafua. Punje 4 za kitunguu saumu zimepondwa kwenye kinu na kuachwa dakika 10. Tangawizi kiasi cha kidole gumba, iliyotoka milima ya Same, inachemka robo saa kwenye vikombe 4 vya maji na chumvi kidogo. Sufuria ikishaepuliwa, ndipo kitunguu na ndimu vinaingia.

"Bibi, kwa nini tusikichemshe pamoja?"

"Moto mwingi unakimaliza ukali."

"Kwa hiyo kinaua mafua?"

"Hakiui, mjukuu wangu. Mafua huondoka yenyewe baada ya wiki hivi. Supu inalainisha koo, inafungua pua, nawe unapata maji mwilini hata kama huna hamu."

Bibi yuko sahihi kuhusu moto. Ukali huo, yaani alisini, huzaliwa punje zinapopondwa, na joto jingi huuvunja. Wanaoisifu supu kuwa ni kinga hupenda kutaja utafiti uliochapishwa 2001: watu 146 walifuatiliwa wiki 12, na waliomeza kitunguu saumu waliripoti mafua mara 24, wenzao mara 65. Lakini kile kilikuwa kidonge cha kila siku, kilichomezwa na watu wazima. Hakisemi lolote juu ya bakuli la supu baada ya pua kuanza kuchuruzika.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaoidharau. Wengi wao hukimbilia amoksilini duka la dawa, na dawa hiyo haigusi kabisa virusi vya mafua. Kati ya hizo mbili, mimi nachagua supu.

Ninachokiogopa ni kuchelewa, na hapo ndipo bibi ananivutia zaidi. Jirani anakuja na mtoto wa miaka 2 anayekohoa na mwenye homa, anaomba naye apewe supu. Bibi anaweka bakuli kando.

"Mfunue kifua akiwa ametulia. Kila kikipanda hesabu moja, mpaka dakika iishe."

Mjukuu anaangalia saa ya simu, anahesabu. "46, bibi."

"Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi. Na kwa kuwa ana homa, apimwe malaria."

Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayekohoa, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia, na nimonia ya bakteria inahitaji antibayotiki; hapo amoksilini iliyoandikwa na mganga ina kazi yake. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12 mpaka ni 50. Akiwa mdogo kuliko hapo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, apelekwe bila kungoja hesabu. Asali nayo, ambayo wengi huongeza kwenye supu hii, asipewe mtoto asiyetimiza mwaka.